Chai Haiandikwi

Katibu hakuwa mtu wa kupeana mkono na mtu kabla hajaangalia kama mkono wa pili umeshika karatasi. Ukiwa na karatasi, alikuwa wako. Ukiwa mikono mitupu, ulikuwa umekuja kumpotezea muda.

Alikuwa katibu wa kamati ya koti yetu kule Umoja. Koti ndivyo watu wa kule wanavyouita uga mmoja wa nyumba zilizozungukana, zenye lango moja na bomba moja. Kamati yenyewe sikuwahi kuiona. Mwenyekiti alikuwa amehamia Donholm alipopanda cheo, na mweka hazina alikwenda kwao likizo akanogewa. Alibaki Katibu peke yake, na upweke huo haukumpunguzia kazi hata kidogo. Aliitisha vikao, akavihudhuria, akavifunga kwa sala. Alikuwa na muhuri wa mpira wenye neno "IMEPOKEWA" na kidau cha wino wa zambarau, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa zambarau miaka yote niliyomjua.

Alistaafu ukarani wa baraza la jiji. Suti alikuwa nayo moja, ya kahawia, na mfuko wake wa kifuani ulibeba kalamu tatu: ya buluu ya kuandikia, nyekundu ya kusahihishia wengine, na ya kijani ambayo hakuna aliyewahi kuona ikitumika. Neno lake kubwa lilikuwa "kwa maandishi". Mtoto wa jirani akimvunjia dirisha, alitaka maelezo kwa maandishi. Mkewe akimwambia chakula kiko tayari, alijibu "nimeona", kama anayetia sahihi. Siku ya kwanza kukutana naye nilimwamkia kwa adabu za kwetu.

"Shikamoo, mzee."

Akanitazama, akafikiri, akasema, "Imepokewa."

Sisi tulikuwa tumetoka Morogoro. Mume wangu, Mrisho, alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo, na kiwanda kimoja cha Nairobi kilikuwa kimemleta kwa mkataba. Kila asubuhi alitoka mapema na kurudi ananukia grisi, na mimi, niliyekuwa nimeacha kazi ya ualimu, nilibaki na binti yetu Saida, wa miaka minne, nikitazama milango ya chuma. Kwetu mgeni akihamia, jioni ile ile watu wanakuja kumtazama, hata kama ni kwa umbea tu. Hapa wiki ya tatu ilikuwa inakwisha na hakuna aliyejua jina langu. Nilijaribu kupiga hodi. Mlango wa kwanza sauti ilisema, "Hatununui." Wa pili ikasema, "Baba hayuko." Wa tatu nilisikia redio ikipunguzwa sauti, kisha kimya, mpaka nikaondoka.

Ndipo nikasema nitaandika barua.

Niliandika kama mwalimu anavyoandika, nikachana, nikaandika tena. Ya kwanza ilikuwa na sentensi isemayo sisi ni watu wema, wala hatuna madhara. Mrisho aliisoma akicheka. "Mtu akiniandikia kwamba si mwizi," alisema, "mimi nitaongeza kufuli." Nikaifuta. Nikamuuliza muuza duka wa kibandani ni siku gani watu wanakuwapo. Akaniambia Jumamosi wengine wako kanisani, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani, lakini Jumapili saa kumi kila mtu amekula, nguo zimeanuliwa, na hakuna mwenye la kufanya isipokuwa kuiogopa Jumatatu. Nikachagua saa hiyo.

Barua ilisema hivi:

"Majirani zetu wapendwa, hamjambo? Sisi ni familia mpya ya nyumba ya pembeni, yenye mlango wa buluu, karibu na bomba. Tumetoka Morogoro, Tanzania. Mimi ni Zuhura, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu ni Mrisho, fundi wa mitambo ya kiwandani. Binti yetu ni Saida, na anapenda kuimba asubuhi, kwa hiyo mtuwie radhi. Mtuwie radhi pia kwa nyundo za siku tuliyohamia. Kitanda kilikataa kupita mlangoni.

"Hatuna ndugu hapa Nairobi, na tungependa kuwajua. Tunawakaribisha chai nyumbani kwetu Jumapili hii, saa kumi jioni. Njooni na watoto. Msilete kitu chochote. Ukiweza kuja, tupigie hodi utuambie, ili tujue tuazime vikombe vingapi. Ukiwa na shughuli, huna haja ya kutoa udhuru. Pita siku yoyote. Tutashukuru pia kupata mchango wenu wa mawazo kuhusu soko, shule ya watoto na siku za maji. Ni sisi jirani zenu, Zuhura na Mrisho."

Kwa kuwa sikujua jina la mtu, juu ya kila bahasha niliandika nilichokijua: jirani mwenye maua ya waridi, jirani mwenye pikipiki, jirani ambaye mtoto wake anajifunza filimbi. Niliinakili kwa mkono kila moja, kwa sababu niliona barua ya kupigwa chapa ingefanana na ya kudai kodi. Nikazisukuma chini ya milango.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Mwende, jirani wa ukuta mmoja, Mkamba, ambaye mumewe alichonga vinyago vya kuuzia watalii. Alikuja na uso wa huzuni na leso kichwani.

"Pole sana, mama," alisema. "Ni nani ameaga?"

"Hakuna aliyeaga."

"Sasa hii mchango ni ya nini?"

Nikamsomea sentensi nzima, mchango wa mawazo. Akairudia kwa mdomo. Kwetu neno hilo lina maana nyingi. Kule Umoja lilikuwa na maana moja tu, pesa za msiba, na maana hiyo ilikuja na bahasha. Baadaye nilisikia kwamba nyumba mbili zilikuwa zimeshakubaliana kusema zimesafiri.

Wa pili alikuwa Otieno, kijana aliyetengeneza redio kwenye kibanda karibu na lango. Alisimama mlangoni akiwa ameishika barua yangu kama risiti ya kitu asichonunua.

"Sasa siste. Hii maneno iko aje? Mnauza sufuria?"

"Hatuuzi. Ni chai."

"Chai tu?"

"Na vitumbua."

Alikuna kichwa. "Haki hii ni mara ya kwanza mtu wa hii koti kuniandikia barua na haniitishi kitu." Akasema atakuja, kisha akashusha sauti. "Lakini Katibu ameiona?"

Katibu alikuwa ameiona. Ilikuwa imepita chini ya mlango wake kama ya kila mtu, na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Barua iliyopelekwa kwa wote kwa pamoja, bila kuanzia kwake, ilikuwa kwake sawa na kumpita mtu na kumkanyaga. Jioni ya Ijumaa alikuja kwetu na suti yake na faili. Barua yangu ilikuwa na muhuri wa zambarau juu na mistari myekundu kila mahali, kama daftari la mtoto aliyefeli.

"Mama," alisema, bado amesimama, "hii barua haina kumbukumbu namba. Haina 'kupitia kwa'. Haina somo."

"Ni barua ya jirani, mzee."

"Na hii hapa." Aligonga neno kwa kidole cha zambarau. "Chai. Chai gani?"

"Chai ya kunywa."

"Mnataka nini kwa hawa watu?"

"Kujuana."

"Kujuana si sababu." Alikaa sasa, akainama mbele, akashusha sauti kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyefanya upuuzi. "Sikiza, mama. Mimi nimefanya kazi baraza miaka yangu yote. Chai mtu hupeana. Mtu hupokea. Lakini chai haiandikwi!"

Ilinichukua muda kumwelewa, na Mrisho alinieleza akiwa hana kicheko. Katika ofisi za Nairobi, chai ndiyo iliyofungua dirisha la karani. Huyu mzee, aliyekunywa chai ya aina hiyo mpaka akastaafu, alikuwa ameshtuka kuona mtu anaitangaza kwa barua, nyumba kwa nyumba, na saa ya kuja kuichukua.

Tungecheka kama angeishia hapo. Lakini alifungua faili, akasema kuna jambo la pili. Watu wakikusanyika, huo ni mkutano. Mkutano unataka leseni. Wageni wa nchi nyingine wakiitisha mkutano bila leseni, chifu atataka kujua, na ofisi ya uhamiaji nayo itataka kujua. Ilikuwa miaka ile ambayo polisi waliweza kuvunja hata maombi ya jioni, na maneno hayo hayakuwa mzaha. Kibali cha kazi cha Mrisho kilikuwa bado kiko mezani kwa mtu.

"Chai ya nyumbani nayo inataka leseni?" niliuliza.

"Inategemea ni watu wangapi."

"Na nani anawahesabu?"

Alifunga faili. "Katibu," alisema.

Usiku ule Mrisho alitaka tughairi. Alisema hakuja Nairobi kugombana na serikali kwa ajili ya vitumbua. Mimi nilimuuliza mtu anaghairi vipi mwaliko: aandike barua nyingine kwamba hatutaki tena kuwajua? Najua aliogopa, na mimi niliogopa pia, lakini nilikuwa nimechoka kuzungumza na mtoto wa miaka minne kutwa nzima. Jumamosi asubuhi tukakuta karatasi imebandikwa langoni, imepigwa chapa: "CHAI YA NYUMBA YA PEMBENI IMEAHIRISHWA MPAKA ITAKAPOIDHINISHWA. KWA AMRI." Amri ya nani haikusema.

Jumapili nilipika hata hivyo. Nilikuwa nimeloweka mchele, nimeusaga, nimeuumua kwa hamira, na unga ulioumuka hausubiri idhini. Nilikaanga vitumbua mpaka nyumba ikanukia iliki. Nilichemsha chai ya rangi ya tangawizi, na nyingine ya maziwa, maana Mama Mwende alikuwa ameniambia kwamba Nairobi chai bila maziwa ni dawa. Vikombe aliniazima yeye, kupitia dirishani, kwa kuwa hakutaka kuonekana mlangoni.

Saa kumi ikafika. Hakuna mtu. Tulisikia mapazia yakivutwa. Saida aliuliza kama wageni wamepotea njia. Mrisho alikaa na shati lake jeupe, anatazama sahani.

Kisha hodi ikapigwa, na aliyesimama mlangoni alikuwa Katibu.

"Nimekuja kuthibitisha," alisema, "kwamba chai haifanyiki."

"Karibu uthibitishe," nilisema.

Aliingia. Ukaguzi, inaonekana, haufanyiki kwa kusimama, kwa hiyo alikaa. Nikamwekea sahani, kwa sababu kwetu mtu hakai mbele ya chakula ukamwacha atazame. Alichukua kitumbua akakigeuza kutafuta kasoro. Akala. Akachukua cha pili kuhakikisha cha kwanza. Kufikia cha nne alikuwa ameacha kutoa sababu. "Hii ya rangi," alisema juu ya chai, "imekosa maziwa." Nikampa ya maziwa. Akazinywa zote mbili.

Alichosahau ni madirisha. Koti nzima ilikuwa imemwona akiingia na faili na hatoki. Kwao maana yake ilikuwa moja: imeidhinishwa. Mke wake alikuja kwanza, mwanamke mnene mwenye utulivu, akasema alikuja kumtafuta mumewe, akakaa mbali naye kabisa. Mama Mwende akaja na mumewe mchongaji. Otieno akaja amechana nywele. Mwenye maua ya waridi akaja na waridi, ingawa tulisema wasilete kitu. Mwenye filimbi akamleta mtoto, bahati nzuri bila filimbi. Sebule ikajaa, watoto wakakaa sakafuni, na Katibu, kila mtu mpya alipoingia, alizidi kuinama kwenye kiti. Huo sasa ulikuwa mkutano, haukuwa na leseni, na yeye ndiye aliyekaa mahali pa heshima.

Alisimama. "Natangaza," alianza, "kwamba hiki ni kikao cha kamati..."

"Keti, Baba Ayub," mkewe alisema. "Unaziba sahani."

Akaketi. Na hapo ndipo askari wawili wa chifu walipofika.

Mmoja alikuwa na karatasi. Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Mrisho akasimama taratibu, mkono wake ukaenda mfukoni kwenye pasipoti. Askari alisoma kwa sauti kwamba ofisi ya chifu imearifiwa juu ya mkusanyiko usio halali, unaoitishwa na raia wa kigeni kwa kisingizio cha chai. Mwishoni kulikuwa na muhuri, na hata kutoka nilipokaa niliona ulikuwa wa zambarau.

Askari akainua macho. Akatazama karatasi, akatazama kiti cha heshima.

"Katibu. Si ni wewe uliandika hii?"

Katibu alikuwa na kitumbua mdomoni. Alitafuna. Sijawahi kuona mtu akitafuna kwa muda mrefu vile. Watu wote walikuwa wanamtazama, na mkewe zaidi ya wote. Mrisho alikuwa bado amesimama, na Saida alikuwa amemshika mguu.

"Nikiandika," Katibu alisema mwishowe, "nilikuwa sijafanya ukaguzi. Sasa nimefanya. Hii ni chai ya nyumbani. Chai ya nyumbani haitaki leseni popote. Hata chifu hunywa." Akafuta midomo. "Hawa ni majirani. Mimi mwenyewe ni jirani. Ukitaka, nitaandika ya kuiondoa ile."

Askari walitazamana. Yule mkubwa akashusha kofia kidogo, akatabasamu tabasamu ambalo Nairobi nzima ililijua. "Sawa, mzee. Lakini tumetembea jua lote hili. Sasa sisi chai yetu iko wapi?"

Nilikuwa bado mgeni. Nilisikia neno chai, nikasema, "Jamani, nisameheni, karibuni," nikajaza vikombe viwili, nikawawekea mkononi na sahani ya vitumbua juu.

Kila mtu alinitazama, nami sikuelewa kwa nini. Kisha Otieno akasema kutoka kwenye kona, "Kunywa, afande. Iko na tangawizi."

Mama Mwende ndiye aliyepasuka kwanza. Mumewe akafuata, halafu nyumba nzima, mpaka mwenye waridi akalia machozi. Askari mkubwa alisimama na kikombe changu, hajui aweke wapi uso wake, akanywa. Alipomaliza aliomba kingine. Katibu pekee hakucheka. Alikuwa anakitazama kikombe cha yule askari kama mtu anayeona maandishi ya lugha aliyodhani anaijua.

Msidhani alibadilika. Wiki iliyofuata kila mlango ulipata waraka wa kupigwa chapa, "Kufuatia chai iliyofanikiwa chini ya uongozi wa ofisi hii". Jina langu halikuwamo. Alianza kudai kwamba kila anayehamia kotini aandike barua ya kujitambulisha, na ipitie kwake, na alikuwa na mfano ambao aliwapa watu wanakili. Ulikuwa ni barua yangu, akiwa ameondoa kitanda, wimbo wa Saida na radhi zote mbili. Watu waliifuata lakini waliongeza vya kwao, na kwa miaka michache tulikunywa chai nyingi katika nyumba nyingi. Mwenye pikipiki alikuja siku moja, akakiri kwamba Jumapili ile alikuwa amejificha chini ya kitanda.

Katibu alinifungia maji mara mbili kwa sababu nilifua siku isiyo yangu. Alimwandikia Mrisho barua ya onyo kwa sababu ya Saida kuimba. Na kibali cha Mrisho kilipokwama, ni huyo huyo aliyevaa suti ya kahawia, akaenda naye ofisi ya uhamiaji, akasimama naye foleni kutwa nzima bila kula. Mrisho alisema mzee alimtukana njia nzima, kuanzia mwandiko wake hadi viatu. Kibali kilitoka jioni. Mrisho alipotaka kumshukuru, alisema shukrani ziletwe kwa maandishi. Tuliziandika. Sijui alizifanyia nini.

Mara ya mwisho nilimwona asubuhi aliyohama. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na mwanawe alikuwa amemjengea kijumba cha kuishi peke yake kwao magharibi. Pikapu ilikuwa imesimama langoni, vijana wanapakia, na yeye alikuwa amekaa kwenye sofa yake pale barabarani, katikati ya vumbi, watu wakimzunguka kama kisiwa. Nilikwenda kumuaga. Nilikaa kando yake kwenye sofa. Tulitazama godoro likipandishwa.

"Mama Saida," alisema. "Mama yako yuko hai?"

Nilishtuka. Tangu nimjue, hakuwahi kuniuliza swali lisilo na jibu la kujazwa kwenye fomu.

"Yuko, mzee. Yuko Morogoro."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake. Ana kuku na ugomvi na jirani."

Alitikisa kichwa taratibu. "Peke yake," alisema. "Anapika?"

"Kila siku. Anapika sufuria kubwa, halafu analalamika hakuna wa kula."

Dereva alipiga honi. Hakugeuka. Aliniuliza anapika nini, na nikamwambia. Akauliza anaamka saa ngapi, kama anapenda redio, kama usiku anafunga mlango au anaurudishia tu. Nilimjibu yote. Dereva alipiga honi tena, ndefu, na vijana wakaja wakasimama mbele yetu wakisubiri sofa.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Mwanahawa."

Alilijaribu jina polepole, akakosea, nikamsahihisha, akalirudia mpaka likakaa sawa. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi kwenye suti, akawaambia vijana wabebe, na waangalie miguu ya sofa, kwa sababu mke wake aliipenda sana.